Poti za kuruti na laini za ncha mbili kati ya swichi za leya 3: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa mafundi wenzangu wa mitandao hapa Dar, wengine wameanza juzi na wengine wana miaka mingi kwenye raki. Amri nilizotumia ni za Cisco Catalyst, kwa kuwa ndizo ninazozishika kila siku. Mfano ni mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: kampuni ya usafirishaji yenye ofisi kuu Posta, bohari Kurasini na karakana Vingunguti. Kila sehemu ina swichi moja ya leya 3, na faiba zimeunganisha sehemu hizo tatu kwa umbo la pembetatu.

Poti ya kuruti ni nini hasa?

Poti ya kawaida ya swichi iko leya ya 2. Inapokea fremu, inatazama anwani ya MAC, inatafuta fremu hiyo ipelekwe poti gani ndani ya VLAN ileile, basi. Yenyewe haina anwani ya IP. Ukiiandikia `no switchport`, poti hiyo inajitoa kwenye VLAN zote na kuanza kuishi kama poti ya ruta: ina anwani yake ya IP, haishiriki spanning tree, haibebi VLAN yoyote, na pakiti inayoingia hapo inapelekwa kwa kutazama jedwali la njia. Sisi mafundi tunaiita poti ya kuruti.

Mkiweka poti mbili za namna hiyo, moja Posta na moja Kurasini, na faiba katikati, mmepata laini ya ncha mbili. Kwenye laini hiyo wako wawili tu, hakuna wa tatu anayeweza kuingia. Karibu kila kitu kinachofuata hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Kaka, mimi nina trank na `interface Vlan` kila upande na mtandao unapiga kazi. Kwa nini nihangaike?

Unapiga kazi, sikatai. Hata hao wa Kurasini walikuwa wanafanya kazi hivyo kwa miaka. VLAN moja ilitandazwa sehemu zote tatu, mtandao wa 192.168.0.0/22, na lango la wote likiwa Posta. Kwa kuwa faiba zilikuwa pembetatu, spanning tree ilifunga laini ya Kurasini–Vingunguti ili kusiwe na kitanzi. Yaani kampuni ilikuwa inalipia faiba tatu na kutumia mbili.

Siku mtu wa bohari alipochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye kiswichi kidogo cha mezani, ofisi kuu ilizima. Si kwamba umeme ulikatika. Taa za swichi zilikuwa zinawaka bila kupepesa, simu za mezani zimekufa, na hata ukurasa wa kuingilia swichi haufunguki. Kiswichi kile cha bei poa hakikujua spanning tree, na fremu za kutangaziwa wote zikaanza kuzunguka.

Hapa ndipo kwenye kiini. Fremu ya Etheneti haina hesabu ya umri. Ikiingia kwenye kitanzi inazunguka mpaka mtu achomoe kebo, na kila mzunguko inapelekwa kwenye kila poti ya VLAN hiyo, popote VLAN ilipofika. Pakiti ya IP ina TTL: kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri pakiti inatupwa. Laini kati ya majengo ikiwa ya kuruti, kelele za Kurasini zinaishia kwenye swichi ya Kurasini. Bohari itaumia, ndiyo, lakini mhasibu wa Posta ataendelea kutoa ankara zake.

Kuna sababu ya pili ambayo watu hawaioni mpaka siku faiba inakatwa. `interface Vlan` huwa inabaki juu maadamu kuna hata poti moja ya VLAN hiyo iliyo hai, ikiwemo poti ya printa. Kwa hiyo laini ya Kurasini inaweza kufa, na swichi ya Posta ikaendelea kuamini kwamba mtandao ule bado uko mlangoni kwake. Poti ya kuruti haina unafiki huo: mwanga ukizimika, poti inaanguka, anwani yake inatoka kwenye jedwali la njia papo hapo, na trafiki inahamia upande wa pili.

Nitumie sabneti ya ukubwa gani kwenye laini? Nimezoea /24 kila mahali.

/24 kwa laini ya watu wawili ni kama kukodi basi zima la mwendokasi kupeleka abiria wawili Kimara. Itafika, lakini anwani 252 zitakaa bure, na kibaya zaidi mtu mwingine ataziona ziko bure na kuchomeka kitu humo.

Tuhesabu. Anwani ya IP ina biti 32. Ukiweka /30 unabakiwa na biti 2, yaani anwani 4. Ya kwanza ni jina la mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, zinabaki 2 za kutumia. Ndiyo maana /30 ilikuwa chaguo la wote kwa muda mrefu: wawili, anwani mbili.

Lakini tazama hasara yake. Nusu ya anwani zinaliwa na jina la mtandao na tangazo, mambo ambayo laini ya wawili haiyahitaji. Unamtangazia nani, wakati upande wa pili yuko mmoja tu? Hoja hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye RFC 3021 ya Desemba 2000: kwenye laini ya ncha mbili unaweza kutumia /31, biti 1 tu, anwani 2, na zote mbili zikawa za kutumia. Haina jina la mtandao la kutenga wala anwani ya tangazo.

Kwa hiyo kutoka kwenye 10.20.255.0/24 unapata laini 64 ukitumia /30, na laini 128 ukitumia /31. Kwa kampuni yenye laini tatu hesabu hiyo haina uzito, tuseme ukweli. Mimi naipenda /31 kwa sababu nyingine: ni rahisi kichwani. Anwani shufwa upande mmoja, witiri inayofuata upande wa pili. Nikiona 10.20.255.4 najua mwenzake ni .5 bila kuchukua karatasi.

Kwenye mfano wetu tulipanga hivi: Posta–Kurasini ni 10.20.255.0/31, Posta ana .0 na Kurasini ana .1. Posta–Vingunguti ni 10.20.255.2/31, Posta .2 na Vingunguti .3. Kurasini–Vingunguti ni 10.20.255.4/31, Kurasini .4 na Vingunguti .5. Watumiaji wako kwingine kabisa: Posta 10.20.10.0/24, Kurasini 10.20.20.0/24, Vingunguti 10.20.30.0/24.

Anwani inayoishia na sifuri si kosa?

Kwenye /24 ndiyo, .0 ni jina la mtandao. Kwenye /31 si kosa. Swichi itakulalamikia kidogo ukiandika, itasema `% Warning: use /31 mask on non point-to-point interface cautiously`, kwa sababu kwa asili Etheneti ni ya watu wengi na swichi haijui kwamba faiba yako ina wawili tu. Ni onyo, si kukataliwa. Amri imeingia.

Kama mkuu wako wa kazi anashtuka akiona .0, anzia .2 na maisha yaendelee. Sijawahi kugombana na bosi kwa sababu ya anwani moja.

Je, upande mmoja ukiwa /31 na mwingine /30?

Mara nyingine swichi yenyewe itakuokoa. Ukijaribu kuweka 10.20.255.3 na /30, itajibu `Bad mask /30 for address`, kwa kuwa .3 ni anwani ya tangazo ya kipande kile. Hatari iko pale inapokubali. Ukiweka 10.20.255.1 na /30 Kurasini, inaingia bila neno. Ila sasa Kurasini inaamini .0 ni jina la mtandao, wakati kwa Posta .0 ndiyo anwani yake halisi. Ping inaleta majibu ya ajabu, na OSPF haikusaidii kugundua, maana kwenye laini ya aina ya ncha mbili haikagui maski za pande mbili kama zinalingana. Nenda ukazitazame kwa macho, pande zote mbili.

Na kama ng'ambo kuna kifaa cha kampuni nyingine ambacho huna uhakika kinaielewa /31, weka /30 upumzike. Vifaa vingine, hasa vyenye programu ya zamani, haviielewi.

Naomba mpangilio kamili wa laini moja.

Huu hapa wa Posta kwenda Kurasini:

```
ip routing
!
interface GigabitEthernet1/0/24
 description KWENDA-KURASINI
 no switchport
 ip address 10.20.255.0 255.255.255.254
 ip ospf network point-to-point
 ip ospf 1 area 0
```

Kurasini ni hivyohivyo, ukibadilisha maelezo na kuweka 10.20.255.1. Zingatia mpangilio: `no switchport` itangulie anwani. Ukianza na `ip address` kwenye poti ambayo bado ni ya leya ya 2, swichi itakataa. Na ukija kuandika `switchport` baadaye, hata kwa bahati mbaya, anwani inapotea na hairudi kwa kuandika `no switchport` tena. Itabidi uiandike upya.

Msisahau `ip routing`. Kwenye Catalyst nyingi haijawashwa kutoka kiwandani, na bila hiyo swichi ina anwani nzuri kabisa lakini haipitishi pakiti ya mtu. Dalili yake ni kwamba swichi kwa swichi zinapigiana ping vizuri, ila kompyuta ya Kurasini haifiki Posta. Nimemkuta kijana wa mafunzo amekesha juu ya jambo hilo, na nilimwonea huruma kwa sababu mimi mwenyewe nilishakesha.

Hiyo `ip ospf network point-to-point` ina kazi gani? Nikiiacha inafanya kazi pia.

Inafanya kazi, lakini kwa mwendo wa kamati. OSPF ikiona Etheneti inadhani kuna majirani wengi, kwa hiyo inataka kuchagua kiongozi na makamu wake. Laini ikiinuka, kila upande unasubiri hadi sekunde 40 kuona kama kiongozi tayari yupo, ndipo uchaguzi ufanyike. Uchaguzi wa watu wawili, mmoja awe kiongozi na mwingine makamu! Ukiweka aina ya ncha mbili, hakuna uchaguzi wala kusubiri. Wakishasalimiana tu wanabadilishana taarifa.

Ila iwekwe pande zote mbili. Hili ndilo kosa ambalo limenipotezea muda kuliko yote kwenye mada hii, kwa hiyo nitalieleza kwa nafasi.

Tulipomaliza laini ya Posta–Kurasini, upande wa Kurasini nilisahau mstari huo mmoja. Nikaandika `show ip ospf neighbor`, jirani yupo, hali yake `FULL`. Kwa fundi, `FULL` maana yake kazi imekwisha, unaweza kwenda kunywa chai. Lakini Posta haikuwa na njia ya kwenda 10.20.20.0/24. Jirani mzima, njia hakuna.

Sababu ni kwamba saa za salamu za aina zote mbili zinalingana, kila sekunde 10 na kumtangaza jirani amekufa baada ya sekunde 40. Kwa hiyo wanasalimiana na kufikia `FULL` bila shida. Wakianza kuchora ramani ndipo wanapopishana: Posta anaichora laini kama uzi unaotoka kwake hadi kwa mwenzake, Kurasini anaichora kama uwanja wenye kiongozi. Nyuzi hazikutani, kila mmoja anamwona mwenzake kama mtu asiyefikika kwenye ramani, na njia zake haziingizwi.

Ukitaka kuijua mapema, tazama kinachofuata baada ya `FULL`. Kwenye laini ya ncha mbili inayofaa utaona kistari tu:

```
Neighbor ID    Pri  State      Dead Time  Address
10.20.254.2      0  FULL/  -   00:00:36   10.20.255.1
```

Ukiona upande wowote umeandikwa `FULL/DR`, `FULL/BDR` au `FULL/DROTHER`, upande huo umesahaulika.

Jirani amekwama `EXSTART`. Nimerudia amri zote.

Amri zako huenda ni sahihi. Pima ukubwa wa pakiti. Pande mbili zikitofautiana MTU, au njia ya katikati ikiwa haipitishi pakiti kubwa, salamu ndogo zinapita ila zile za kubadilishana taarifa zinakwama. Jaribu:

```
ping 10.20.255.1 size 1500 df-bit
```

Ikifa hiyo na ile ya kawaida ikapona, mwite anayekukodisha laini umwoneshe matokeo. Watu hufichia tatizo kwa `ip ospf mtu-ignore`. Jirani atafika `FULL`, kweli, halafu watumiaji wataanza kulalamika kwamba barua pepe fupi zinaenda na zenye viambatisho hazitoki.

Faiba imekatwa lakini poti yangu bado iko juu. Ulisema poti ya kuruti inaanguka yenyewe.

Nilisema inaanguka mwanga wake ukizimika. Kama kati ya swichi na faiba umeweka kile kiboksi cha kugeuza faiba kuwa kebo ya shaba, poti yako inatazama kiboksi, siyo Kurasini. Faiba ikakatwa na greda barabara ya Mandela, kiboksi bado kina umeme, kebo ya shaba bado iko hai, na swichi inaendelea kutuma pakiti shimoni. OSPF itagundua baada ya salamu kukosekana kwa sekunde 40. Kwa mtu aliye kwenye simu, sekunde 40 ni kukata na kutukana.

Baadhi ya viboksi vina swichi ndogo za kubofya chini au ubavuni, moja ikiwa na maandishi `LFP`. Ukiiwasha pande zote, kiboksi kikipoteza mwanga wa faiba kinaangusha na upande wa shaba, na swichi inajua palepale. Wengi wanavifunga bila kusoma kikaratasi chake.

Kama laini ni ya kukodi na katikati kuna vifaa vya mtoa huduma, huna swichi ya kubofya. Hapo unapunguza saa za salamu:

```
interface GigabitEthernet1/0/24
 ip ospf hello-interval 3
 ip ospf dead-interval 12
```

Pande zote mbili zilingane, la sivyo hawatakuwa majirani kabisa. Swichi yako ikiwa na BFD, itumie hiyo badala yake; kwa salamu za kila milisekunde 300 na kukosa mara 3, inagundua kifo chini ya sekunde moja. Sishauri kuibana OSPF yenyewe kupita kiasi, maana swichi ikibanwa na kazi nyingine inaweza kuchelewesha salamu na kumwua jirani aliye hai.

Nina mtandao wa zamani wa VLAN moja. Nahamaje bila kujifungia nje?

Kwanza kisa changu, ili ujue naongea kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma, kwa mteja mwingine, niliingia kwenye swichi ya mbali kwa SSH kupitia laini ileile niliyotaka kuibadilisha, nikaandika `no switchport`, nikabonyeza. Skrini ikaganda. Nilikuwa nimekata tawi nililokalia. Nikachukua bodaboda hadi huko, tukipenya katikati ya malori ya makontena, na mlinzi wa getini akaniuliza kama nina kibali cha kuingia.

Pembetatu ya faiba inakupa njia safi zaidi. Anza na laini ambayo spanning tree imeifunga, ya Kurasini–Vingunguti. Haibebi trafiki ya mtu, kwa hiyo ukiigeuza kuwa ya kuruti hakuna atakayejua. Iwekee .4 na .5, hakikisha majirani wameonana.

Sasa unao mlango wa nyuma. Usiku wa kwanza unashughulikia Kurasini: unatengeneza VLAN 20 na `interface Vlan20` palepale bohari, ili lango la watumiaji liwe kwenye swichi yao wenyewe. Halafu unaingia Vingunguti, na kutoka hapo unafungua SSH kwenda 10.20.255.4. Uko ndani ya swichi ya Kurasini bila kupita kwenye laini unayoigeuza. Igeuze, weka .1, kisha maliza upande wa Posta. Usiku wa pili unafanya Vingunguti, safari hii ukiingilia kupitia Kurasini.

Na kila mara, kabla ya kugusa kitu, hifadhi kilichopo kwa `write memory`, kisha andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 swichi itajizima na kuwaka na mpangilio wa zamani. Ukifanikiwa, `reload cancel`. Usihifadhi mabadiliko kabla hujahakikisha unaingia tena, kwa sababu ukishahifadhi, kuwaka upya hakutakurudisha popote.

Kumbuka tu kwamba kati ya kuanza na kumaliza, laini ya akiba haipo kwa watumiaji wa VLAN ya zamani. Usianze Ijumaa ukamalizia Jumatatu.

Nimegeuza, sasa kompyuta za Kurasini hazipati anwani.

Ombi la DHCP ni tangazo, na matangazo hayavuki poti ya kuruti. Ndicho tulichokitaka. Mwambie mjumbe alipeleke:

```
interface Vlan20
 ip helper-address 10.20.10.5
```

hiyo 10.20.10.5 ikiwa ni seva ya DHCP pale Posta, nayo iwe imetengewa kipande cha 10.20.20.0/24.

Kwa sababu hiyohiyo, kitu chochote kinachodai kuwa VLAN moja kwenye majengo mawili hakitapita. Kamera za zamani zinazotafuta kinasa picha kwa kutangaza ni mfano wa kawaida. Nyingi zinakubali uandike anwani ya kinasa kwa mkono. Kama kuna mfumo usiokubali kabisa, huo ndio mpaka wa muundo huu, na usijaribu kuudanganya kwa kurudisha trank pembeni "kwa ajili ya kamera tu". Kitanzi kitapita humohumo.

Nataka kutengeneza VLAN 1006, swichi inasema imeshatumika. Nani kaitumia?

Poti yako ya kuruti. Kwenye Catalyst nyingi kila poti ya kuruti inachukua kimyakimya VLAN moja ya ndani kutoka 1006 kwenda juu. Andika `show vlan internal usage` utaiona na jina la poti. Tumia namba za VLAN zilizo chini ya 1000 kwa watumiaji wako na hamtakutana.

Nimenunua Catalyst 2960 ya mtumba Kariakoo. Inakataa `no switchport`.

Itakataa daima. 2960 ya kawaida, hata ile inayokubali njia chache za kuandikwa kwa mkono, haina poti za kuruti. Unaweza kuiga: VLAN moja kwa laini moja, tuseme 901, poti moja tu ndani yake kama poti ya kawaida siyo trank, na anwani ya laini kwenye `interface Vlan901`. Kwa kuwa poti ni moja, ikianguka na kiolesura kinaanguka. Weka hakika kwamba VLAN 901 haimo kwenye trank nyingine yoyote, maana trank moja iliyosahauliwa itaishika hewani. Kwa ofisi ndogo inatosha, lakini kwa pembetatu kama yetu tafuta kifaa kingine.

Nitajuaje akiba inafanya kazi kweli?

Kata. Jioni, watu wakiwa wameondoka, na simu mkononi kwa mwenzako aliye Vingunguti. Kabla ya kukata, fuatilia njia ya kwenda kwenye kompyuta ya Kurasini kutoka swichi ya Posta, utaona hatua moja ya laini, 10.20.255.1. Chomoa faiba ya Posta–Kurasini, rudia:

```
Posta# traceroute 10.20.20.15
  1 10.20.255.3
  2 10.20.255.4
  3 10.20.20.15
```

.3 ni Vingunguti, .4 ni Kurasini kwa kupitia mlango wake wa pili. Hapo ndipo utakaponielewa kuhusu shufwa na witiri: mistari mitatu, na unajua pakiti imepita faiba gani bila kufungua mchoro. Rudisha faiba, subiri, rudia mara ya tatu uone imerudi kwenye hatua yake ya mwanzo. Kisha chomoa inayofuata.